Karibu ya Mpiga Pasi

Wiki za mwanzo ughaibuni, mpiga pasi wa hoteli alipenda kila kitu. Alimtumia mama yake picha ya lifti, ya pipa la taka, hata ya foleni ya basi. "Mama, watu wamejipanga na hakuna anayewagombeza!"

Kisha vitu vile vile alivyovipenda vikaanza kumkera. Lifti ikawa na kiburi. Foleni ikawa ya watu wasio na ndugu. Katika chumba cha kufulia, alipowauliza wenzake wameamkaje na nyumbani hawajambo, walimjibu kwa kutikisa kichwa. Usingizi ukamruka, akawa anaishi kwenye simu akiongea na wa nyumbani hadi chai inapoa.

Mara likaja la bakuli. Saa ya chakula alifunua bakuli lake, akamwona mwendesha mashine za kufulia anapita, bwana mkimya, akamwonyesha kwa mkono: karibu. Kwao jibu linajulikana: asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Bwana yule akavuta kiti, akala mpaka akakwangua.

Jioni mpiga pasi alikuwa anasukuma nguo begini.

"Nakwenda zangu! Mtu anamaliza chakula cha mwenzake mchana kweupe!"

Mpishi, dada aliyelala naye chumba kimoja, mkongwe wa kazi za ugenini, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Si ulimkaribisha?"

"Kukaribisha ni adabu, dada, si chakula!"

"Angejuaje? Unampima kwa kipimo cha kwenu, hajawahi kukiona. Sikiliza, mdogo wangu. Mgeni hupenda kila kitu, halafu huchukia kila kitu, halafu huzoea, hurudi nyuma, huzoea tena. Wewe sasa uko kwenye kuchukia. Hapo si pa kukatia tiketi."

"Nifanye nini, nimbusu?"

"Lala na uamke saa zile zile. Tembea kabla ya kazi. Nyumbani piga simu siku maalumu. Jifunze maneno ya hapa, na ukikasirika uliza kwanza, hukumu baadaye. Ukizidi kukosa usingizi na hamu ya kula, nakupeleka kwa daktari."

Begi likabaki wazi; zipu nayo ilikuwa imegoma.

Alianza kutembea asubuhi, akinuna. Usingizi ukarudi kidogo kidogo. Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa "kwa nini", akalipeleka moja kwa moja kwa mwendesha mashine, pamoja na ishara nyingi za mikono na kuonyesha bakuli.

Bwana akashtuka. Kwao, alieleza kwa mikono yake, ukikaribishwa usipomaliza umemtukana mwenyeji. Siku ile alikuwa ameshiba pomoni, na pilipili ilimliza hadi kwenye mashine.

Walicheka mpaka shuka iliyokuwa chini ya pasi ikaungua.

Siku ya kupiga simu nyumbani, mama yake aliuliza kwa wasiwasi, "Mwanangu, tukupokee lini? Ulisema umechoka na watu wa huko."

"Mkataba ukiisha, mama. Kwa sasa siwezi kuondoka, kuna mtu mzima namfundisha kukataa chakula."