Boksi Lisilopiga Kelele

Dai la tatu la kuvunjika lilipofika mezani kwangu, niliona aibu kulikataa. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya vifurushi pale Ipogolo, Iringa, na mtumaji alikuwa yuleyule: mama mmoja wa Mbeya anayeuza vyombo vya vioo. Picha zilionyesha glasi zimechomekwa moja ndani ya nyingine, zimetenganishwa na gazeti tu, na kwa juu, ndani ya boksi, pamebaki nafasi tupu. Kwa masharti yetu, mzigo uliofungwa hivyo haulipiwi fidia. Nikaomba ruhusa kwa bosi, nikaenda Mbeya kumwonyesha namna ya kufunga.

Alinikaribisha dukani vizuri, ila uso ulibadilika nilipojitambulisha.

"Nyie mnarusha mizigo, halafu mnasema sijui kufunga."

"Ni kweli, mama, kuna wakati inarushwa," nilimjibu. Sikuona sababu ya kumdanganya. "Inapakiwa, inashushwa, inabanwa na mingine. Ndiyo maana tunafunga tukijua boksi litaanguka."

Akanisogezea kiti.

Tulianza na glasi sita za nyumbani kwake, alizosema hata zikivunjika hatalia. Kila moja tuliijaza karatasi ndani, tukaiviringisha peke yake kwa nailoni yenye vipovu vya hewa, tukaisimamisha ndani ya boksi dogo lenye vigawanyio vya kadibodi. Boksi hilo tukaliingiza kwenye kubwa, gumu na jipya. Chini, juu na pande zote tukashindilia magazeti yaliyokunjwakunjwa, unene wa vidole vitatu. Nikamwambia alitikise. Likagonga kidogo. Tukafungua, tukaongeza magazeti, tukatikisa tena. Kimya. Tukapiga tepu pana kwenye maungio yote.

"Sasa liachie lianguke, kuanzia kiunoni."

"Mimi? Kwa mikono yangu?"

Alifumba macho, akaliachia kwenye sakafu ya saruji. Hakutaka kulifungua, nilifungua mimi. Glasi zote sita zilikuwa nzima. Alicheka, akamwita jirani wa duka la pili aje aone, akalifunga na kuliangusha tena.

Wiki iliyofuata ukaja ofisini kwetu mzigo wake wa glasi ishirini na nne za harusi. Mteja alikuwa shangazi wa bibi harusi, mkazi wa karibu na Tosamaganga, nje kidogo ya mji. Shangazi alitaka kuufungulia palepale kaunta. Nilijifanya napanga risiti. Alizitoa moja moja, akiziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Zote nzima," alisema mwishowe. "Hata ufa sioni."

Nilikaa chini. Sikujua kumbe nilikuwa nimesimama muda wote ule. Nikapiga simu Mbeya, nikamweleza mama.

Nikasikia pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Mwanangu, nimeshinda na presha tangu asubuhi." Halafu, kabla sijaaga: "Haya, na sahani je? Kuna mtu anazitaka huko huko Iringa."

"Zisimamishe kwa ubavu, mama," nikamwambia. "Usizilaze."