Alama Kumi na Sita za Kiswahili

Dada yangu tulimzika Endulen siku ya Jumapili. Jumatatu asubuhi binti yake alikuwa Karatu, ndani ya chumba cha mtihani wa Baiolojia wa kufunga kidato cha tatu. Hakuna aliyemlazimisha. Mama yake alimwambia akiwa kitandani hospitalini kwamba mtihani asiukose, basi hakuukosa.

Shule ile ilikuwa ya bweni, na ada yake ililipwa na mfadhili ambaye sisi hatukuwahi kumwona. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwisho wa mwaka mtoto apate divisheni ya pili au zaidi. Akishuka, nafasi yake anapewa mwingine.

Matokeo yalipotoka tuliitwa, mimi na shemeji yangu, baba wa binti. Yeye ni mfugaji, shuka begani, fimbo mkononi, na Kiswahili chake ni cha mnadani. Mimi niliishia darasa la saba. Mwalimu wa taaluma alitupa viti, akatupa pole ya msiba, kisha akaigeuza karatasi ya matokeo upande wetu. Binti alisimama karibu na mlango.

Niliona Kiswahili tisini na moja, nikashusha pumzi. Mwalimu aliendelea taratibu. Kuanzia sabini na tano ni A, pointi moja. Sitini na tano hadi sabini na nne ni B, pointi mbili. Arobaini na tano hadi sitini na nne ni C, tatu. Thelathini hadi arobaini na nne ni D, nne. Chini ya hapo ni F, pointi tano. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa, na mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi.

Shemeji alicheka kidogo. “Kwa hiyo huku mwenye chache ndiye tajiri?”

“Kwenye pointi, ndiyo, mzee.”

Hisabati ilikuwa F, ikaachwa nje. Kiswahili, A, moja. Historia, Kiingereza na Uraia, C tatu, pointi tisa. Jiografia arobaini na Kemia thelathini na sita, D mbili, pointi nane. Hapo ni kumi na nane. Ikabaki Baiolojia, arobaini na nne. D, pointi nne. Jumla ishirini na mbili.

Divisheni ya pili inaishia ishirini na moja.

Nilihesabu tena kwa vidole chini ya meza. Hesabu ilikuwa sawa. Baiolojia ingekuwa arobaini na tano, ingekuwa C, na mtoto angebaki.

Shemeji aliniomba nimwonyeshe kwa kidole ile tisini na moja ilipo, halafu ile arobaini na nne. Akaziangalia kwa muda.

“Mwalimu, hii inatakiwa sabini na tano tu. Ina kumi na sita za ziada. Kwa nini isiipe hii moja?”

Mwalimu alisema kila somo linasimama peke yake.

“Kwetu mtu akifiwa na ng'ombe, ndugu mwenye wengi anamtolea. Hatumwachi asimame peke yake.”

Mwalimu alisema karatasi ya Baiolojia aliirudia mwenyewe, akajumlisha upya swali kwa swali, akitafuta hiyo moja. Hakuipata. Nilimwamini, maana macho yake yalikuwa mekundu.

Binti ndiye aliyemaliza maneno. “Ni arobaini na nne kweli, baba. Swali la mwisho sikuandika kitu. Lilikuwa la figo.”

Mama yake alikufa kwa figo. Mwalimu hakulijua hilo, na sisi hatukumwambia.

Tulitoka kwenda bwenini kuchukua tranka na godoro. Njiani shemeji alimwuliza binti zile kumi na sita sasa zinakwenda wapi.

“Haziendi popote, baba. Zinabaki kwenye Kiswahili.”

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa maji yamemwagika.

Siku hizi binti anaishi kwangu na anasoma shule ya kata, ya kutwa. Anaamka mapema, anachota maji, anaondoka. Darasani kwao ni wengi na mwalimu wa Kemia hawana. Halalamiki. Jioni nikimkuta na kitabu cha Baiolojia napita kimya kimya.

Nilipokwenda Endulen kuwasalimu, jirani mmoja alimwuliza shemeji mtoto alifanyaje. Akasema alipata tisini na moja. Jirani akasifu sana, akanigeukia mimi.

Nikasema ndiyo, ya Kiswahili. Shemeji akainuka, akaenda kuangalia ndama.