Mstari wa Miezi Tisa hadi Kumi na Miwili

Nimesoma hadi darasa la tatu kule Matombo, halafu nikaanza kubeba ndizi. Kituo changu cha kulelea watoto mchana, hapa Morogoro mjini, nimekijenga kwa hizo ndizi, chumba baada ya chumba. Kwa hiyo msichana wa chuo alipoletwa kwangu kwa mazoezi ya kazi, akabandika ukutani jedwali la hatua za ukuaji wa mtoto alilonakili kutoka daftari lake la chuo, sikumpigia makofi.

Kushuka chini kulikuwa na umri: miezi mitatu, sita, tisa, mwaka, kuendelea. Kwenda pembeni kulikuwa na mwili, vidole, lugha, akili, na kuishi na watu.

"Bibi, kila mtoto tunamtafutia mstari wake," aliniambia.

"Mimi nimelea kabla mama yako hajaota meno. Mstari wangu ni macho."

"Macho yanasahau, bibi."

Jibu hilo sikulipenda, na yeye sikumpenda.

Mtoto aliyetugombanisha alikuwa wa kiume, mdogo kuliko wote. Mama yake alikuwa anashona kiwandani na asipopata wa kumwachia mtoto, kazi hana. Msichana alifungua daftari langu la kuandikisha watoto, akaona tarehe ya kuzaliwa, akahesabu miezi kumi na moja. Akamweka mtoto kwenye mkeka, akampa kifuniko cha chupa. Mtoto alikaa vizuri bila kushikwa, akakihamisha kifuniko mkono huu hadi ule, akasema ba-ba-ba. Lakini hakutambaa. Hakushika kiti asimame. Punje ya mchele aliikomba kwa kiganja kizima badala ya kuiokota kwa vidole viwili. Kwenye mstari wa miezi tisa hadi kumi na miwili msichana akatia wino mwekundu vyumba viwili vya jedwali, cha mwili na cha vidole, akapiga picha, akamtumia mama kwenye simu bila kuniuliza.

Mama naye akamtumia mumewe, mume akamtumia mama yake. Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Mlali, amesimama mlangoni kwangu na simu mkononi.

"Hii nyekundu ndiyo nini? Mjukuu wangu mbovu?"

"Si mbovu, amechelewa kidogo," msichana akasema.

"Kuchelewa huko kumetoka ukoo wa mama yake. Kwetu hakuna."

Mama mtoto alikuwa pembeni na sare ya kiwandani, anatazama sakafu. Nikamgeukia msichana. "Huyu kazaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Mama yake aliniambia siku ya kwanza, hapo hapo ulipokanyaga. Jedwali lako halijui hilo?"

Alipauka. Akafungua daftari lake la chuo, akasoma kwa sauti: aliyezaliwa kabla ya siku zake, toa muda uliopungua, fanya hivyo mpaka atimize miaka miwili. "Ningetoa miezi miwili, bibi. Anakuwa wa miezi tisa. Ndio kwanza anaingia kwenye mstari huo, hata kutambaa hajachelewa."

"Sasa mbona hukutoa?"

"Kwenye daftari lako hilo halijaandikwa."

Mkufunzi wake alifika saa nne kumkagua. Alimkaripia kwanza yeye: wino mwekundu si hukumu, picha ya mtoto haitumwi ovyo, na ukiona shaka unazungumza na mzazi uso kwa uso na kumshauri aende kliniki. Kisha akalichukua daftari langu. Jina, tarehe, simu ya baba. Basi.

"Mama, haya mengine unayaweka wapi?"

"Kichwani."

"Na mwanafunzi wangu angesoma kichwa chako?"

Hakuna mtu aliyewahi kunisemesha hivyo chini ya bati langu. Nilimwambia aondoke na msichana wake. Aliondoka naye, lakini kwanza alimweleza mama mkwe hesabu ile, pole pole, mara mbili.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Mtoto anapunguziwa umri kama fungu la mboga jioni," akasema. "Jana mbovu, leo mzima. Kesho mtasemaje?" Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga.

Nikamwambia mama mtoto amkatalie, mtoto ni wake, na ukoo wake hauna kosa.

"Bibi, nilikuambia wewe," akanijibu. "Nikakuuliza, huandiki? Ukacheka."

Ni kweli nilicheka. Akavua koti la kiwandani, akalikunja, akamfuata mama mkwe wake kwenda Mlali. Mkeka wa mtoto ulibaki pale pale mpaka jioni. Sikumruhusu yeyote auguse, na msichana sikumwomba radhi.