Wali Ulionikwamisha Wiki ya Kwanza

Nilipika zamu ya usiku kantini ya hospitali, Ifakara, na mtihani wa cheti cha usafi wa chakula ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Nikapanga kulala asubuhi na kusoma alasiri: wiki ya kwanza vijidudu na nyuzijoto, ya pili usafi wa mpishi, ya tatu uhifadhi na usafishaji, ya mwisho maswali ya majaribio.

Wali ukanikwamisha mapema. Nikamwuliza bwana afya wa hospitali, "Shikamoo. Wali ukichemka, vijidudu si vimekufa?"

"Marahaba. Vingine vina mbegu zinazostahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, zinaamka."

Nilishangaa, mtoto wa wakulima wa mpunga! Nikaanza kutandaza wali uliobaki kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji. Mpishi mwenzangu akauliza sababu, nikamweleza. Naye akajiandikisha kwa mtihani huo; tukasoma wawili, tukafaulu wote.