Namba ya Katikati

Hasina binti Hatibu alijulikana Ngamiani nzima, mjini Tanga, kwa unadhifu, na unadhifu wake ulikuwa wa kukera. Ukimpelekea barua ya kuchapa, atakurekebishia nukta na kukupangia pambizo bila kuombwa, na akikutolea kopi iliyopinda kidogo anaichana mwenyewe na kutoa nyingine. Kibanda chake cha steshenari kilikuwa cha mlango mmoja, kompyuta moja na mashine ya kopi inayokohoa, lakini hungekuta kipande cha karatasi sakafuni. Tabia hiyo aliipata kwa mama yake, aliyekuwa msuka mikeka kijijini Mwera kabla hajahamia mjini. Mama alikuwa akiutandaza ukili wake juani, anaupekua kama mtu anayetafuta chawa, na anasema, "Mkeka wenye tundu hauuziki."

Siku aliyoingia Mzee Sabiri, Hasina alikuwa akifuta vumbi kwenye kibodi kwa brashi ya mswaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. N'na mzigo hapa, na mbebaji anakata roho."

Mzigo ulikuwa ndani ya simu yake, na kioo cha simu hiyo kilikuwa kimepasuka vipandevipande. Mzee Sabiri alikuwa katibu wa chama chao cha kuzikana. Katibu aliyemtangulia alikuwa na jedwali zuri la wanachama kwenye kompyuta yake, akaliingiza lote kwenye simu ya chama, kisha akahamia Dar es Salaam, na kompyuta ikafa huko huko. Sasa majina yalibaki kwenye simu tu, na simu nayo ilikuwa inaaga. Mzee alitaka jedwali lirudi kuwa jedwali, lichapwe, kila mjumbe wa kamati apate nakala yake.

Hasina aliitoa orodha nzima kwenye simu ikawa faili moja la vCard, akalihamishia kwenye kompyuta. Alipolifungua kama maandishi ya kawaida, kila mwanachama alikuwa na kadi yake, imeanza na BEGIN:VCARD na kuishia na END:VCARD, na katikati kuna jina, simu, barua pepe na anwani, kila kitu na mstari wake. Mzee Sabiri akainama kutazama, akasonya.

"Sasa nisikilize," alisema. "Sisi kila mtu ana nafasi tatu za simu. Ya kwanza yake mwenyewe. Ya mwisho ya ndani kwake, mke au mume. Ya katikati ni ya mjumbe. Mtu akifa, hatupigi nyumbani kwake. Ng'o! Tunampigia mjumbe, jirani waliyemchagua wenyewe, yeye anakwenda kwa miguu yake, anakaa, anamshika mfiwa mkono, ndipo anasema. Habari ya kifo haipiti kwenye waya."

"Naam, mzee."

"Wengine wana presha. Yupo mmoja kule Mwera, Semeni, mke wa Uweso seremala. Alipigiwa simu kupewa habari ya mdogo wake aliyezama, akaanguka hapo hapo, wakamwokota hana fahamu. Daktari kawaambia, mara ya pili hainuki. Ndio maana Uweso kajiunga na sisi. Kasema mwenyewe, n'najiunga kwa ajili ya mjumbe, sanda n'tajinunulia."

Hasina aliitikia kwa kichwa. Masikio yalikuwa kwa mzee, lakini macho na akili vilikuwa kwenye skrini, maana namba za simu zilikuwa zimeanza kumletea ukaidi.

Na kwa haki ya Mungu, kazi ile ilikuwa na mitego. Programu ya kugeuza vCard ilimpa jedwali, lakini alipolifungua kwa pupa kwenye Excel, namba zenye 255 zikageuka 2.55E+11, na zilizoanza na sifuri zikapoteza sifuri. Angeihifadhi vile, tarakimu za mwisho zingekwenda na maji. Akalifunga bila kuhifadhi, akaliingiza upya, akaiambia kompyuta kwamba safu za simu ni maandishi, si hesabu. Namba zikatulia. Anwani nazo zilikuja zimebanwa pamoja na nukta-mkato katikati. Akazigawa, sanduku la posta kwenye safu yake, mtaa kwenye yake, mji kwenye yake. Barua pepe zilikuwa chache, zikapata safu moja. Mzee aliporudi jioni kuuliza, alimkuta anatabasamu peke yake.

"Kesho utachukua," alimwambia.

Laiti angempa jioni ile ile! Jedwali lilikuwa sahihi. Programu ilikuwa imezisoma alama zilizo kwenye kadi, ikaweka safu tatu za simu: Cell, Work, Home, yaani ya mkononi, ya kazini, ya nyumbani. Yule katibu wa zamani, kwa kuwa simu haina neno la mjumbe, alimweka mjumbe kwenye Work, kwani kufikisha habari nayo ni kazi. Asiye na simu yake mwenyewe, nafasi ya Cell ilibaki tupu.

Hasina aliyaona yale matundu na roho ikamwasha. Aliwaza, mvuvi wa Mwera ana simu gani ya ofisini? Work ya nini? Akayaona maneno yale kuwa takataka za mashine, akayafuta, akaandika Simu 1, Simu 2, Simu 3. Kisha akaanza kuziba matundu. Palipokuwa tupu mwanzoni, alikata namba ya pili akaibandika ya kwanza, na ya tatu akaibandika ya pili, mstari kwa mstari, kwa mkono, akijihadhari barua pepe na anwani zisisogee. Alifanya kwa uangalifu wote aliojaaliwa. Maneno ya mzee juu ya nafasi ya katikati yalikuwa yameshamtoka, kama maji juu ya jani la mgomba. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mguu uliota tende siku ile haukuwa wake.

Mzee Sabiri alilisifu jedwali mpaka akaona haya kulisifu zaidi. Haikupita muda akafariki Kombo, muuza kahawa wa Chumbageni. Jedwali likatumika, mjumbe akapigiwa, akaenda kwa mjane, kila kitu kikaenda kama ada inavyotaka. Kombo alikuwa na namba zote tatu, kwa hiyo mstari wake haukuwahi kuguswa. Baada ya hapo nani angelitilia shaka?

Uweso seremala alifia mjini, kwenye jengo alilokuwa akipaua. Alishuka ngazi akasema kifua kinambana, akakaa juu ya mbao, asiinuke tena. Wenzake walikwenda moja kwa moja kwa Mzee Sabiri, na Mzee Sabiri akaja moja kwa moja kwa Hasina, jasho likimtoka, karatasi mkononi, miwani kaisahau.

"Simu yangu imekwisha kabisa. Nipigie kwa yako, mwanangu. Mjumbe wa Uweso. Nisomee ya katikati."

Hasina alifuata mstari kwa kidole. Namba ilikuwa nyeusi, safi, imekaa katikati ya kisanduku chake. Akaipiga, akaweka sauti kubwa ili mzee asikie.

"Assalaam alaykum," alisema Hasina. "Tunapiga kutoka Tanga, kwenye chama cha kuzikana."

"Alaykum salaam." Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole. Nyuma yake kuku walikuwa wakigombana.

Mzee Sabiri akasogea. Hakuwahi kuonana na jamaa wa Uweso wala majirani zake. Uweso alikuja chamani peke yake siku zote.

"Bibi mjumbe," alisema, "pole kwa kazi hii. Ndugu yetu Uweso ametangulia mbele ya haki, sasa hivi tu. Inna lillahi. Tafadhali nenda kamkalie mkewe. Nenda polepole, usimstue, unajua hali yake."

Kuku waliendelea.

"Mkewe ndiye mimi," ilisema ile sauti.

Kisha kitu kilianguka. Hakikuwa kizito sana. Simu haikukatika, Mzee Sabiri aliita, "Bibi! Bi Semeni!" mpaka sauti ikampasuka, na kule Mwera wakajibu kuku tu.

Kidole cha Hasina kilikuwa kingali kwenye mstari. Ndipo alipoyaona matundu aliyoyaziba. Uweso hakuwa na simu yake mwenyewe. Iliharibika siku nyingi, akawa anaazima za wenzake. Nafasi yake ilikuwa tupu, na Hasina alikuwa amemsogeza mjumbe akakaa hapo, na mke akamsogeza kwenye nafasi ya mjumbe. Alikata simu, akapiga namba ya kwanza. Ikalia mara moja tu, akaipokea mjumbe mwenyewe, Bi Hafsa, jirani wa Semeni ukuta kwa ukuta.

"Kimbia," Hasina alisema. "Kimbia kwa Semeni."

Walimkimbiza hospitali akiwa hai. Hai ya namna hiyo mtu hamwombei adui yake: upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda kando, na neno haliji. Uweso alizikwa Mwera kesho yake, na haikujulikana kama mjane wake anafahamu au hafahamu.

Hasina alilifungua tena lile faili. Kadi ya Uweso ilikuwa pale pale, wazi kuliko mchana: Work, namba ya Hafsa, Home, namba ya Semeni, Cell hakuna. Alilitoa jedwali upya, akazipa safu majina yake, Mwenyewe, Mjumbe, Ndani, na matundu yote yakabaki yalivyo. Mzee Sabiri alizipokea zile nakala bila kumtazama, akazichoma za zamani nyuma ya nyumba. Hakumtukana. Hasina alitamani amtukane.

Aliposikia Semeni amerudishwa nyumbani, alifunga kibanda akaenda Mwera. Alimkuta Bi Hafsa mlangoni kwake amekaa kwenye kigoda, anachambua mchicha. Ndani ya nyumba ya pili mtu alikuwa akigumia, na binti mmoja akimlisha uji kwa kijiko.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyepanga zile namba."

Bi Hafsa hakuitikia marahaba. Aliendelea kuchambua, jani hili huku, bua lile kule.

"N'likuwa nimekaa hapa hapa," alisema. "Simu mapajani. Tangu siku waliyoniandika kuwa mjumbe, n'lishajiwekea maneno ya kumwambia. N'likuwa nikiyapitia jikoni, nikiyapitia kisimani, lipi litangulie, lipi lifuate, wapi nimshike mkono." Akakung'uta upande wa kanga yake. "Yamo yote, mwanangu. Hebu niambie sasa, niyapeleke wapi?"