Kitambaa Juu ya Spika

Kwaya yetu ya Mukuyuni iliimba kwa kufuata muziki wa kinanda kutoka simu yangu, uliokwenda kwa Bluetooth hadi kwenye spika iliyokaa mbele ya kanisa. Kina mama walikuwa wameifunika spika ile kwa kitambaa cha kufuma, kama wanavyofunika viti na redio nyumbani, na hakuna aliyethubutu kukitoa.

Muziki ulitoka kama mnong'ono. Kila mazoezi nilipandisha sauti ya simu mpaka mwisho, na kila mazoezi mwalimu wa kwaya aliniambia, "Ongeza, bwana!"

Nikamwonyesha simu. "Mwalimu, imejaa. Niongeze na nini, mate?"

Jumamosi moja nilichoka, nikakivuta kitambaa. Chini yake spika ilikuwa na vitufe vyake vya sauti. Kuna simu na spika ambazo sauti zake zimeshikana, ukipandisha huku, kule nako kunapanda. Zetu hazikushikana. Simu ilituma muziki kwa nguvu zake zote, lakini spika iliutoa kwa kipimo chake yenyewe, na mtu alikuwa ameishusha karibu na mwisho. Nikabonyeza cha kuongeza mpaka muziki ukajaa kanisa.

Tukaimba. Kwa mara ya kwanza tulisikia kinanda na sauti zetu kwa pamoja. Tulikuwa chini ya noti zake, na nyuma ya mwendo wake. Mwalimu aliangalia sakafu.

Nilipunguza spika, nikakirudisha kitambaa mwenyewe.