Upawa Ulipovunjika Mpini

Mama huyu hakujua kukaa. Miaka yote aliyopika kantini ya kiwanda cha nguo, kiti cha jikoni kilikuwa cha kuwekea vitunguu tu. Washonaji walimwita Mama Pilikapilika, naye akiitika huku miguu imeshaelekea kwingine.

Binti yake alishona kola ghorofa ya juu. Alikuwa na kisukari cha kujidunga insulini, na dozi ya mchana aliifuatisha hesabu ya mama: viazi na maharage ya sufuria nzima vilipimwa, wanga wake ukagawanywa kwa pawa zilizotoka. Upawa mmoja, gramu thelathini. Protini na mafuta navyo viligawanywa vivyo hivyo, ila dozi ilitazama wanga.

Siku mpini ulipovunjika, upawa ukapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Mama akaazima ule wa wapika uji, mnene kama kichwa cha mtoto. Mchuzi ukaisha, foleni bado.

"Mama, leo umekula na sufuria?" mshonaji mmoja akamtania. Wenzake wakaangua kicheko.

Jioni sukari ya binti ilikuwa juu.

"Nimekula upawa mmoja tu, mama!"

"Labda viazi vya leo ni vitamu."

"Basi kesho naongeza dozi."

Mama alijigeuzageuza kitandani mpaka kukakucha.

Kesho yake wapika uji walidai upawa wao. Akachukua kaupawa kadogo ka chai. Sufuria ile ile, vipimo vile vile, watu wale wale. Akampakulia binti kwanza, kisha foleni yote. Mtu wa mwisho alipoondoka, mama akachungulia: theluthi ya mchuzi ilikuwa bado imetulia mle ndani.

Jana haukutosha, leo umebaki. Kumbe si viazi! Jana mtoto alikula wanga kupita hesabu. Leo amekula pungufu, na dozi ameiongeza.

Akanyakua chupa ya soda, ya sukari kweli, akapanda ngazi na aproni yake, huku akijisemea, "Mungu wangu, miguu, msiniangushe."

Binti alikuwa ameinamia cherehani, jasho linamtiririka, uzi unamkataa sindanoni.

"Kunywa! Usiniulize kitu!"

"Mama, mikono inatetemeka..."

"Najua. Kunywa, mwanangu."

Sukari ilipopanda, mama akamletea bakuli jingine la mchuzi, akasimama juu yake hadi likaisha.

"Sasa kaa, mama. Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa nitalia."

Fundi aliporudisha upawa, mama aliupima kwa maji. Ule wa uji ulibeba mmoja na nusu wa huu. Kale ka chai, theluthi mbili tu. Tangu hapo bakuli la binti hupimwa kwenye mizani, hata upawa ukiwa ule ule.

"Mama, unanipimia kama nyama buchani!"

"Nyamaza ule," akajibu, mkono bado umeshika mizani.